Kwa nini chesi ya mtandaoni inakupa wapinzani wasiokufaa, na namna ya kupata mechi tulivu za sawa kwa sawa

Kijiweni hakuna anayeuliza nicheze na nani. Bao limewekwa pale barazani, mashimo 32, kete 64, na ukija mgeni wazee wanakuangalia tu ukicheza mara mbili tatu, kisha bila mtu kusema neno unajikuta umewekwa na fulani ambaye leo atakufunga, kesho utamfunga. Drafti pia iko hivyo hivyo. Kuna mtu wa kuanzia, kuna mtu wa katikati, na kuna yule mmoja ambaye huendi kwake mpaka umeiva. Macho ya watu ndiyo yanayopanga.

Mtandaoni hakuna macho. Kuna namba. Na watu wengi wazima niliowaona wakianza kucheza chesi kwenye simu baada ya kazi, watu ambao hawataki kelele wala ubingwa, wanataka tu nusu saa ya kufikiri na mtu wa kiwango chao, wengi wao wanaiogopa hiyo namba na kuikimbia, halafu wanalalamika kwamba kila mpinzani ni wa ajabu, leo anakutana na mtu anayemmaliza kwa hatua 12, kesho anakutana na mtu asiyejua farasi anatembeaje. Mi naona hapo ndipo shida inapoanza, kwa hiyo nataka nieleze hiyo namba inafanyaje kazi, taratibu, maana ukishaielewa mambo mengine yote yanakuwa mepesi. Nitatumia Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, kama mfano kwa sababu ni ya bure kabisa, haina matangazo, inaendeshwa na shirika lisilo la faida, ipo tangu 2010, na hesabu zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzikagua.

Tuanze na wazo lenyewe. Namba hiyo watu wanaiita retingi. Mzizi wake ni kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia kule Marekani aliyekuwa pia mchezaji mzuri, na shirikisho la chesi duniani, FIDE, lilianza kutumia mfumo wake 1970. Alichosema Elo ni kitu rahisi sana: retingi yako ukiwa peke yako haina maana, maana inakuja pale tunapochukua tofauti kati ya namba yako na ya mpinzani. Mkiwa na namba sawa, kila mmoja anategemewa kupata nusu ya pointi. Mwenzako akikuzidi 100, wewe unategemewa kupata kama pointi 36 katika kila mechi 100, sare ikihesabiwa nusu. Akikuzidi 200 unashuka mpaka 24. Akikuzidi 400, unabaki na 9 tu, hapo kwa kweli hamchezi, unafundishwa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mechi ya haki ni ipi namjibu ni ile ambayo tofauti iko ndani ya 100 hivi, kwa sababu hata ukiwa upande wa chini bado unachukua zaidi ya theluthi moja. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalipendi lakini ndilo lenyewe: mechi zikiwa za haki kweli, utafungwa karibu nusu. Ukiona unashinda nane katika kila kumi ujue mfumo bado haujakujua, au unawaonea watu. Nilishawahi kukaa na jamaa analalamika kwamba anafungwa sana, tukafungua takwimu zake, ameshinda 48 katika mia na sare chache. Huyo amepangwa vizuri kuliko watu wote ninaowajua, ila kichwani mwake alikuwa anategemea kushinda kama anavyoshinda nyumbani dhidi ya wanawe.

Sasa tatizo la Elo ni kwamba inakuamini mapema mno. Namba ya mtu aliyecheza mechi 2 na ya mtu aliyecheza 2,000 zinaonekana sawa. Mark Glickman, mwanatakwimu, akaja na mfumo unaoitwa Glicko miaka ya 1990, na toleo lake la pili, Glicko-2, ndilo linalotumika Lichess. Humo kila mchezaji ana vitu viwili vya kuangalia: namba yenyewe, na kiwango cha shaka, yaani mfumo una uhakika kiasi gani na hiyo namba. Shaka ikiwa kubwa, mechi moja inakurusha mbali. Shaka ikiwa ndogo, mechi moja inakusogeza kidogo tu.

Akaunti mpya inaanza na 1500, na shaka 500. Shaka 500 maana yake mfumo unasema kwa ukweli kabisa, huyu simjui, anaweza kuwa mtoto aliyejifunza jana au anaweza kuwa bingwa wa taifa. Mpaka shaka ishuke chini ya 110, retingi yako inaandikwa na alama ya kuuliza pembeni, kwa mfano `1123?`, na watu wote wanaiona.

Hebu tumfuate mtu mmoja hatua kwa hatua. Tuseme ni mama wa miaka 45, anajua sheria vizuri, alicheza shuleni, hajagusa ubao miaka mingi. Hizi hesabu nimezipiga kwa kufuata fomula, nikidhani kila mara amepewa mpinzani mwenye namba sawa na yake ya wakati ule na ambaye tayari anajulikana vizuri, kwa hiyo zichukue kama makadirio, kwenye maisha halisi zitapishana kidogo.

Mechi ya kwanza, yuko 1500, anafungwa. Anadondoka karibu pointi 236 kwa mpigo mmoja, anakuwa 1264. Hapo ndipo watu wengi wanapofunga simu na kusema huu mchezo si wangu. Lakini hajaadhibiwa, mfumo umeshangaa tu na kurekebisha dhana yake, na shaka imeshuka kutoka 500 mpaka kama 289. Mechi ya pili anafungwa tena, safari hii anapoteza 141, yuko 1123. Ya tatu anafungwa, anapoteza 101. Ya nne anafungwa, inaondoka 79, sasa yuko 943. Mechi nne, vipigo vinne, na amepoteza zaidi ya pointi 550, ukiangalia juu juu ni aibu tupu.

Ila angalia kinachofuata. Kwa 943 sasa anakutana na watu wanaofanya makosa kama yake, wanaosahau malkia wakati mwingine, wanaoshtuka farasi akiruka. Anashinda ya tano, anapanda 64. Ya sita anashinda, 54. Ya saba anashinda, 47, yuko 1108. Ya nane anafungwa, anashuka 42. Ya tisa anashinda, ya kumi anafungwa, na anamaliza kwenye 1070 hivi na shaka imefika 109, alama ya kuuliza imeondoka. Unaona jinsi hatua zinavyopungua, 236, 141, 101, 79, 64, 54, 47, 42, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, anazungusha kwa nguvu kwanza halafu polepole mpaka sauti ishike.

Mechi kumi tu. Kwa mtu anayecheza moja kila jioni hizo ni siku kumi za kuvumilia, na baada ya hapo ndiyo raha inaanza. Akiendelea, shaka itashuka mpaka kwenye 45 hivi, na hapo ushindi au kipigo dhidi ya mtu wa sawa ni pointi tano au sita tu. Hata akifungwa tano mfululizo, na atafungwa, maana kwa mechi za nusu kwa nusu uwezekano wa kufungwa tano zijazo mfululizo ni mara moja katika 32, atapoteza kama pointi 28. Hiyo si kitu. Wiki ijayo zitarudi.

Kutokana na hii hesabu kuna makosa mawili ambayo nayaona kila mara na yanaharibu mechi kwa miezi. La kwanza ni kuzicheza hizo kumi za mwanzo hovyo, ukiwa na usingizi, ukiwa kwenye daladala, au ukimwachia mtoto simu. Mechi hizo zina uzito kuliko zote utakazocheza, zikiharibika utawekwa mahali si pako na itabidi utoke huko kwa hatua za pointi kumi kumi. La pili ni kufungua akaunti mpya baada ya vipigo vya mwanzo ili kuanza upya na 1500. Ukifanya hivyo unarudi kwenye shaka 500, unapewa tena wapinzani wa 1500, unafungwa tena, yaani umeurudia mlango uleule. Nimeona mtu amefanya hivyo mara tatu na kila mara akasema mfumo unamwonea.

Na ukiacha kucheza muda mrefu shaka inapanda yenyewe. Lichess wameipanga kwa namna kwamba mtu wa kawaida mwenye shaka 60 akikaa kama mwaka bila kucheza inafika 110, kwa hiyo ukirudi utaona alama ya kuuliza imerudi na namba inaruka ruka. Ni sawa tu, umekaa mwaka, mfumo una haki ya kujiuliza kama bado ni wewe yule.

Sasa twende kwenye ule mtego wa watu watulivu. Ukitengeneza mechi Lichess unachagua kati ya `Rated` na `Casual`. Rated inahesabiwa kwenye retingi, Casual haihesabiwi. Mtu asiyetaka presha anachagua Casual, inaonekana ndiyo ya amani. Lakini fikiria, kama mechi haihesabiwi, namba yako haijirekebishi, shaka haishuki, na mwenzako naye hana cha kupoteza, kwa hiyo anajaribu ufunguzi wa kichaa, anaondoka katikati, anaacha saa iishe akiwa amekwenda kula. Kucheza bila akaunti kabisa ni zaidi ya hapo, hamna namba kabisa, unapewa yeyote aliyeko. Ukitaka utulivu, chukua Rated. Najua inasikika kinyume, lakini mechi inayohesabiwa ndiyo inayomfanya mwenzako akae akicheza kwa adabu mpaka mwisho, na ndiyo inayoufundisha mfumo ukupe nani kesho.

Kama kinachokusumbua ni kuiona ile namba ikipanda na kushuka, ifiche. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuonyesha retingi za wachezaji, unaweza kuizima kabisa au kuizima wakati wa mechi tu. Hesabu inaendelea nyuma ya pazia, mpangaji, yaani mfumo unaokutafutia wapinzani, anaitumia, wewe huioni. Mi nadhani huu ndio mpangilio mmoja muhimu kuliko yote kwa mtu mzima anayetaka kucheza kwa amani, na ajabu ni kwamba wengi hawajui upo.

Kuna jambo la saa pia, na hapa watu wanachanganya sana. Retingi si moja. Lichess wanakupa namba tofauti kwa kila kasi, na kasi inapatikana kwa kuchukua muda wa kuanzia kisha kuongeza nyongeza, yaani sekunde unazopewa kila ukicheza hatua moja, mara 40. Kwa mfano 5+3 ni dakika 5, sawa na sekunde 300, jumlisha 3 mara 40 ambayo ni 120, jumla 420. Chini ya sekunde 480 na kuanzia 180 inaitwa Blitz, kwa hiyo 5+3 ni Blitz. 15+10 ni 900 jumlisha 400, sawa na 1,300, hiyo ni Rapid, ambayo inaanzia 480 na kuishia kabla ya 1,500. 30+20 ni 2,600, hiyo ni Classical.

Kwa nini hili lina maana kwako? Kwa sababu yule mama wetu akicheza mechi kumi za Rapid akafika 1070 na shaka imetulia, siku akijaribu Blitz anaanza upya, alama ya kuuliza, mechi kumi za kurushwa tena. Na anayeruka ruka, leo 3+2, kesho 10+0, keshokutwa 30+0, anakuwa na namba tatu zote hazijaiva na analalamika na zote tatu. Chagua moja ukae nayo. Ushauri wangu kwa mtu mzima ni 15+10. Ile nyongeza ya sekunde 10 ni rafiki yako mkubwa, maana inakuondolea ule mwisho wa aibu ambapo una malkia zaidi na mwenzako anasogeza mfalme huku na huku akisubiri saa yako iishe. Pia mitandao yetu ya simu inakatika katika, na seva inakufidia kidogo pale ujumbe unapochelewa, lakini haiwezi kukufidia sekunde 20 za mnara kupotea. Kwenye 3+0 sekunde 20 ni msiba. Kwenye 15+10 unarudi na unaendelea kama hakuna kilichotokea. Mechi nzima inaweza kuchukua nusu saa mpaka dakika 50 mkiitumia saa yote, kwa hiyo usiianze kama ugali uko jikoni.

Ambaye hana hata hiyo nusu saa mfululizo kuna `Correspondence`, ambapo unachagua siku ngapi kwa kila hatua, mfano siku 3. Unacheza hatua moja asubuhi ukinywa chai, moja usiku, mechi inakwenda wiki kadhaa. Hapo sheria zinaruhusu kuangalia hifadhi ya funguzi, yaani hatua za mwanzo za mechi, lakini injini, yaani programu inayokokotoa hatua bora, hairuhusiwi kabisa, kama ilivyo kwenye mechi nyingine zote. Nayo ina retingi yake peke yake.

Ukitengeneza mechi yako mwenyewe kuna kitelezi cha kuchagua retingi ya mpinzani, chini kidogo na juu kidogo ya yako. Hakifanyi kazi kabla alama ya kuuliza haijaondoka, maana haina maana kubana kuzunguka namba ambayo yenyewe haijulikani. Baada ya hapo kibane mpaka 100 chini na 100 juu uone. Ukipata mtu ndani ya dakika moja, kiache hivyo. Ukisubiri dakika tano, panua mpaka 150 au 200. Hili ni suala la ukubwa wa kapu tu, mpangaji hana uchawi, anachagua kutoka kwa watu waliopo sekunde hiyo, na ukimtaka afanane nawe zaidi lazima usubiri zaidi. Kapu linajaa jioni ya Ulaya, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni kama saa tatu usiku kwenda saa tano. Kwa Rapid utapata mtu wakati wowote, lakini kwa Classical masaa hayo yana tofauti kubwa.

Ndiyo maana pia wale wanaopenda aina za pembeni za chesi zenye sheria zake, Horde, Racing Kings, Atomic na kadhalika, wanapata mechi zisizo sawa mara nyingi. Kila aina ina kapu lake na retingi yake, na makapu hayo ni madogo. Hali ni ileile kwa michezo mingine ya akili. Kwa wapenzi wa drafti kuna lidraughts.org, imejengwa juu ya msimbo wa Lichess, kwa hiyo mambo ya shaka na alama ya kuuliza unayakuta hata kule. Angalia tu sheria kabla ya kujiunga: ile ya kimataifa ni ubao wa 10 kwa 10 na kete 20 kila upande, na ya Kirusi ni 8 kwa 8 kete 12, na zote mbili kete ya kawaida inaruhusiwa kula kurudi nyuma. Kama kijiweni kwenu kete haili nyuma, mechi zako za kwanza utaliwa vitu ambavyo hukuviona kabisa, si kwa sababu umepangiwa bingwa, ni kwa sababu macho yako yamezoea sheria nyingine. Cheza tano sita za Casual kwanza kujizoesha, hapa ndipo Casual ina kazi, kisha ingia Rated. Wachezaji wa Go, ule mchezo wa mawe kutoka Asia, wao wamebahatika, mchezo wao una njia ya kusawazisha ndani yake, tofauti ya daraja moja inafidiwa kwa jiwe moja la kuanzia, kwa hiyo hata wasio sawa wanaweza kupata mechi ya sawa. Chesi haina hiyo.

Tuje kwenye utulivu wenyewe. Sehemu ya kuchati ndani ya mechi ina swichi, izime, inabaki imezimwa. Ukiwa kwenye kompyuta bonyeza herufi `z` wakati wa mechi, kila kitu kinaondoka, unabaki na ubao na saa. Kwenye mipangilio ya faragha unachagua nani anaweza kukutumia ujumbe na nani anaweza kukupa changamoto, na moja ya machaguo ni kuruhusu wale walio ndani ya pointi 300 tu. Kwa dakika tatu za kupanga haya umeshaondoa asilimia kubwa ya karaha ambazo watu wanasema ndizo zinawatoa mtandaoni.

Karaha inayobaki ni kuchiti, na hapa naomba tuwe waangalifu, maana shutuma nyingi ninazosikia hazina msingi. Watu wanaona baada ya mechi mwenzao amepata usahihi wa asilimia 95 wanasema huyu katumia injini. Lakini ukipoteza malkia hatua ya 9, hatua zote za mwenzako baada ya hapo ni rahisi, mtu yeyote angezicheza, usahihi lazima uwe juu. Usahihi wa mechi moja hauthibitishi chochote. Kinachonifanya mimi nitilie shaka ni mwendo wa saa. Binadamu akiliwa kete na ya kulipiza iko wazi, anacheza kwa sekunde 2. Akifika mahali pagumu anakaa dakika nzima. Ukiona mtu kila hatua ni sekunde 7 au 8, iwe kulipiza kwa wazi au kutoa sadaka ya ngome ambayo matunda yake yanaonekana hatua sita mbele, na muda wa kila hatua unauona mwisho wa mechi kwenye uchambuzi, basi hapo ripoti. Bonyeza ripoti, andika sentensi moja, endelea na maisha yako, usimtukane. Lichess wakimfungia, wanarudisha pointi kwa waliofungwa naye siku za karibuni kama retingi zao zilikuwa zimeshatulia, kwa hiyo siku moja unaweza kukuta umeongezewa pointi bila kucheza.

Na kuna aina nyingine ya asiye sawa nawe ambaye hachiti hata kidogo, ni yule mwenye akaunti mpya. Umetulia kwenye 1500 yako, unapewa `1500?`, na kumbe ni mtu hodari aliyefungua akaunti leo. Anakuchakaza. Hapo Glicko inakulinda kwa namna nzuri sana: kwa sababu mfumo wenyewe haumwamini, kipigo kutoka kwake kinakugharimu kidogo. Kwa shaka yako ya 45, kufungwa na mtu wa sawa anayejulikana kunakutoa kama pointi 5.6, lakini kufungwa na mwenye shaka 300 kunakutoa kama 4. Yeye anapaa pointi mia na kitu na hamtakutana tena.

Namna ya kujua kama umeshapangwa vizuri ni kufungua ukurasa wa takwimu wa kasi unayocheza, bonyeza neno Rapid kwenye wasifu wako. Angalia vitu vitatu pale: shaka, imeandikwa `Rating deviation`, unataka iwe chini ya 75 hivi, kisha wastani wa retingi za wapinzani wako, unataka uwe karibu na yako, na mwisho mgawanyo wa ushindi na vipigo kwenye mechi zako. Kama wastani wa wapinzani uko pointi 200 juu yako, basi kitelezi chako kimepanuka mno au umekuwa ukikubali changamoto za kila mtu. Kama uko sawa na unashinda 45 mpaka 55 katika mia, yule mtu wa kijiweni ambaye leo atakufunga kesho utamfunga, ameshapatikana, na kila jioni anakuja na jina tofauti.